Hiyo orodha ya watoro mnayoitoa kila Jumatatu

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha manesi wa chanjo na vijana wanaotutengenezea mfumo wa kukumbusha wazazi. Watu wameniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu zile stori za njiani.)

Dada zangu manesi shikamooni wale mnaonizidi, wengine hamjambo. Na nyie wadogo zangu wa kompyuta mliokaa huku nyuma karibu na soketi, habari zenu. Nimeambiwa nina dakika arobaini na chakula kiko tayari kwahiyo sitazunguka.

Kwenye meza zenu kuna karatasi, ina watoto 40, juu imeandikwa "watoro wa chanjo". Hiyo orodha nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, majina sio ya watu, msianze kutafuta mtoto wa jirani humo. Lakini nimeitunga nikiiangalia kwa jicho la miaka niliyokaa kwenye rejesta, na kila mmoja wenu hapa ameshawahi kupewa karatasi ya namna hiyo Jumatatu asubuhi akaambiwa haya wapigie. Tutairudia mwishoni. Kwanza nataka tukae na mtoto mmoja tu, tumuite Tumaini, tumfuate kadi yake mkononi.

Tumaini amezaliwa Jumanne tarehe 7 Januari 2025. Kapata BCG na matone ya polio ya kuzaliwa, safi. Ratiba yetu mnaijua, wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu surua rubella miezi 9 na miezi 18. Wiki 6 za Tumaini zinatimia Jumanne tarehe 18 Februari, zahanati yao kliniki ni Jumatano, basi mfumo ukampa tarehe 19 Februari. Mpaka hapo kila kitu sawa.

Mama hakuja tarehe 19. Alikuwa kwao msibani. Amekuja Jumatano tarehe 5 Machi, mtoto ana wiki 8 na siku moja, nesi kampa Penta ya kwanza, ile sindano moja inayokinga magonjwa matano, na nyingine zote za siku ile, kaandika kwenye kadi, kaingiza kwenye tableti. Sasa swali langu kwa vijana, Penta ya pili lini?

(Hapa kijana mmoja alijibu haraka haraka, wiki 10, tarehe 18 Machi, kliniki Jumatano tarehe 19.)

Ahsante mdogo wangu, na ndo jibu ambalo mfumo wa kwanza niliowahi kuutumia ulikuwa unalitoa. Ulikuwa unahesabu kila kitu kutoka tarehe ya kuzaliwa, basi. Sasa hesabu kutoka tarehe 5 Machi mpaka 19 Machi, ni siku 14. Na kati ya Penta moja na nyingine hatushuki chini ya wiki 4, yaani siku 28, dozi ikipewa kabla ya hapo haihesabiki, mtoto kachomwa bure na itabidi arudie. Kwahiyo meseji imeenda kwa mama, mama wa watu katembea, kafika, nesi mzoefu kaangalia kadi kamwambia mama mbona umewahi, rudi tarehe 2 mwezi wa nne. Mama anamuonyesha simu, mbona nyie wenyewe ndo mmeniita? Mama huyo meseji ya pili hataisoma, na mimi simlaumu.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja tu kwa kila dozi:

```
penta2 = max(kuzaliwa + siku 70, penta1 + siku 28)
penta3 = max(kuzaliwa + siku 98, penta2 + siku 28)
```

Unachukua ile tarehe iliyo mbali zaidi kati ya hizo mbili. Kwa Tumaini ya kwanza inatoa 18 Machi, ya pili inatoa 2 Aprili, unachukua 2 Aprili ambayo bahati nzuri ni Jumatano. Akija siku hiyo, Penta ya tatu inaenda tarehe 30 Aprili, sio 15 Aprili ile ya wiki 14. Surua rubella haibadiliki, miezi 9 ni tarehe 7 Oktoba, Jumanne, kwahiyo anakuja Jumatano tarehe 8.

Na ukishapata tarehe bado hujamaliza, lazima uisogeze mbele mpaka siku ya kliniki ambayo kweli mlango utakuwa wazi. Sema zahanati jirani wao kliniki yao ni Alhamisi, mtoto wao kachanjwa Penta ya pili Alhamisi tarehe 3 Aprili, ongeza siku 28 unapata Alhamisi tarehe 1 Mei. Mei Mosi! Nesi yuko uwanjani kavaa tisheti ya maandamano, mama yuko mlangoni kwa zahanati na mtoto mgongoni. Kwahiyo ndani ya mfumo kuwe na kalenda ya sikukuu, na pia sehemu ya nesi mwenyewe kuandika "Jumatano hii hatupo, tunaenda semina", sababu semina zinafunga kliniki nyingi kuliko sikukuu, tusidanganyane. Na inasogezwa mbele tu, hairudishwi nyuma, ukirudisha nyuma zile siku 28 unazikata tena.

Jambo lingine la tarehe nalisema haraka. Mtoto akichelewa hata miezi mitano hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoishia. Kuna mifumo mtoto akipita umri fulani Penta ya pili inapotea kwenye skrini, inabaki surua rubella peke yake kwasababu ndo "ya umri wake". Nesi mgeni anamchanja surua anamruhusu aende, na Penta mbili ambazo angeweza kumpa moja siku ileile zimeshasahaulika. Vijana, isipotee hiyo. Iwe nyekundu, iwake, lakini isipotee.

Haya sasa meseji. Watu wote wanapenda kuongelea meseji, na wafadhili ndo kabisa. Mimi nitasema vitu vichache vya meseji halafu nirudi kwenye kinachoniuma.

Kuna utafiti ulifanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka 2017 kwenye jarida la afya la Lancet Global Health. Waligawa vijiji makundi, wengine hawakutumiwa kitu, wengine meseji za kuwakumbusha, wengine meseji pamoja na pesa kwenye simu kama wamekuja kwa wakati. Ambao hawakupata kitu, watoto waliomaliza chanjo mpaka kufikisha mwaka walikuwa asilimia 82. Meseji peke yake 86. Meseji na shilingi 200 za Kenya, 90. Na ukiangalia hesabu zao, tofauti ambayo walikuwa na uhakika nayo ni ile ya shilingi 200, ile ya meseji tupu haikutosha kusema sio bahati tu. Sisemi meseji haifanyi kazi. Nasema hao 82 walikuwa wanakuja wenyewe bila kuitwa na mtu, na wale waliobaki wengi wao hawajasahau tarehe, wana sababu nyingine, nauli, shamba, nesi aliyemfokea mara ya mwisho, na sababu hiyo haiondoki kwa kuambiwa "kumbuka".

Sasa kama unatuma, tuma vizuri. Hii ni meseji ya Tumaini:

"Mama Tumaini, kliniki ya mtoto ni Jumatano 30 Aprili, saa 2 asubuhi. Njoo na kadi."

Nimezihesabu, ni herufi 82 pamoja na nafasi. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160 kwahiyo tuko salama. Lakini sasa mtoto anaitwa Ng'wandu, tuko kanda ya ziwa. Kijana kaandika kiolezo kwenye kompyuta, kompyuta ikajiongeza, ile alama ya juu ya Ng' ikageuka kuwa ile iliyopinda badala ya iliyonyooka. Macho hayaoni tofauti. Ila hiyo iliyopinda haimo kwenye herufi za meseji za kawaida, na ikiingia moja tu meseji nzima inabadilishwa aina, inabeba herufi 70 badala ya 160. Meseji yako ya 83 imekuwa meseji mbili, unalipia mbili, na simu nyingine za zamani zinaonyesha kipande kimoja kimoja au viboksi vitupu. Halmashauri moja niliyofanya nayo kazi walikuja kugundua kwenye bili, salio la mwezi likawa linaisha katikati ya mwezi na hakuna anayejua kwanini. Tafuteni kwenye data zenu majina yote yenye ng' mcheki ni ipi iliyomo.

Saa nayo. Mfumo kwa ndani una 08:00. Ukimwandikia mama "saa 08:00" kuna watakaokuja saa 8 mchana, na wako sahihi, kwa Kiswahili saa 8 ni mchana. Kwahiyo mfumo utoe masaa sita kisha uandike "saa 2 asubuhi". Na uandike jina la siku pamoja na tarehe, sababu kijijini mtu anapanga maisha kwa Jumatano na kwa gulio, tarehe anaiangalia siku ya mshahara wa mtu mwingine.

Meseji ziende mbili, siku tatu kabla na siku moja kabla. Kwa kliniki ya Jumatano hiyo ya kwanza inaangukia Jumapili, siku ambayo wengi wako nyumbani na mama anaweza kuongea na mume au na mkwe habari ya nauli. Ya Jumanne jioni ni ya kumkumbusha tu aandae kadi. Wasiosoma wapigiwe simu ya sauti iliyorekodiwa, na irekodiwe na mtu wa huko huko, ile lafudhi ya redioni wanadhani ni matangazo ya mtandao wa simu wanakata.

Na mwisho kwenye meseji, isiseme chochote zaidi ya kliniki. Simu iliyoandikwa kwenye rejesta mara nyingi sio ya mama, ni ya baba, ya shemeji, ya mwenye duka. Kuna watoto wanaokuja wiki 6 kwa chanjo na pia kupimwa damu kwa sababu ya hali ya mama, mnanielewa. Meseji ikiandika hata neno moja la kipimo hicho umeshamtangaza mama kwa mwenye duka. Andika kliniki, nyamaza.

Sasa nirudi kwenye kinachoniuma, ni hii karatasi.

Mtoto anaingiaje kwenye orodha ya watoro? Mfumo unaangalia, tarehe ya miadi imepita, hakuna dozi iliyoingizwa, anaingia. Yaani mfumo haujui kama mtoto hakuja. Unachojua ni kwamba haujaambiwa kama alikuja. Hivyo vitu viwili vinafanana kwenye skrini, ila kwenye maisha viko mbali sana, na karibu matatizo yote ya kukumbusha wazazi yanatoka hapo katikati.

Sasa nimewaona mmeanza kupekua upande wa pili wa karatasi, haya tuhesabu. Katika hao 40 wa mazoezi, 11 walichanjwa hapohapo kwenye zahanati yao. Wamo kwenye rejesta ya karatasi, dozi ina tarehe na sahihi, ila haikuingia kwenye tableti. Siku hiyo kulikuwa na mama hamsini na nesi mmoja, au chaji iliisha, au aliingiza lakini tableti haijapata mtandao tangu Jumatano. Hii ya mwisho ndo mbaya zaidi kwasababu nesi kafanya kazi yake yote. Kliniki Jumatano, tableti iko milimani, itashuka mjini Ijumaa ndo data zitapanda. Mfumo uko mjini hausubiri, Alhamisi saa 3 umeshamtumia mama meseji "hukuleta mtoto jana". Mama ana kadi imepigwa mhuri wa jana! Anacheka, anamuonyesha jirani, na kuanzia hapo sisi ni watu wa kuchekwa. Dawa yake ni sharti moja, meseji ya kukosa isitoke mpaka tableti ya zahanati hiyo iwe imewasiliana baada ya siku ya kliniki, na hata ikishawasiliana subiri wiki moja, maana wengi waliokosa Jumatano hii wanakuja Jumatano ijayo wenyewe bila kuitwa.

Wengine 8 walichanjwa kwingine. Mama anajifungulia kwa mama yake, anakaa huko mpaka mtoto akaze shingo, anapata Penta ya kwanza na ya pili huko, halafu anarudi kwa mume. Kadi inatembea naye ila mfumo hautembei kama zahanati mbili haziongei. Tanzania tulianza hii habari ya rejesta ya elektroniki kupitia mradi wa BID ambao shirika la PATH lilianza nao 2013, mkoa wa kwanza Arusha, na wazo lake zuri lilikuwa hilohilo, mtoto awe na rekodi moja popote anapoenda. Rekodi inamfuata pale tu nesi anayempokea akimtafuta mtoto kwenye mfumo kabla ya kumsajili upya, asipomtafuta unapata hawa wanaofuata.

Watoto 5 ni marudio. Mtoto yuleyule yumo mara mbili. Hospitali alipozaliwa aliandikwa "mtoto wa Hadija" kwasababu jina hana bado, akaja kliniki wiki 6 na jina lake na mama kaandikwa Khadija, na kituo cha tatu Hatija. Zuhura na Zuhula, Rehema na Lehema, mnazijua. Mfumo unaotafuta jina herufi kwa herufi hautamuona. Yule wa kwanza hana dozi tena milele, anakaa kwenye orodha kama mtoro sugu, kila Jumatatu yumo, na mhudumu wa afya wa jamii anatembea kilomita saba kumtafuta mtoto ambaye juzi kamuona kliniki. Tafuteni kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu na kijiji, jina liwe la mwisho.

Watoto 6, na hapa naomba manesi tuongee kama ndugu, walikuja na hawakuchanjwa.

(Ukumbi ukacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa.)

Ni surua rubella hiyo, tunajua. Kichupa kina dozi 10, ukishachanganya kinaishi masaa 6 basi kinamwagwa, hakilali kama Penta ambayo ukiitunza vizuri kwenye friji inaenda mpaka siku 28. Amekuja mtoto mmoja wa miezi 9 saa 4, nesi anaangalia mlangoni hakuna wengine, anawaza ripoti ya upotevu wa chanjo na simu atakayopigiwa na bosi, anamwambia mama rudi Jumatano ijayo. Maelekezo yanasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Ndo yanavyosema, nayarudia hapa mbele ya mabosi makusudi, FUNGUA. Dozi tisa zikimwagwa zimemwagwa. Lakini najua haifunguliwi kila mara, na mimi mwenyewe nikiwa nesi mpya nimewahi kumrudisha mama namna hiyo, alikuwa ametoka ng'ambo ya mto.

Sasa mfumo unaandika nini kwa huyo mama? Hakuna dozi, mtoro. Wiki inayofuata anapata meseji ya kumwambia hakuja. Alikuja! Kasimama kwenye foleni! Kwahiyo vijana, hili ndo ombi langu kubwa la leo, weka kitufe cha tatu. Sio "kachanjwa" na "hajaja" tu, weka "alikuja hakupewa", na chini yake sababu nne tano za kubonyeza, chanjo imeisha, kichupa hakikufunguliwa, mtoto mgonjwa, kadi hana, nyingine. Kitufe hicho kinafanya mambo mawili. Kwanza mama anapata meseji nyingine kabisa, ya kumuomba radhi na kumwambia siku ambayo mtoto atapewa kweli. Pili, na hii ni tamu, mfumo unaweza kukusanya watoto wa surua rubella wa vijiji hivyo kwenye Jumatano moja. Kama Jumatano hii kuna wawili na ijayo wanatimiza wanne, wape wote miadi ya ijayo, wako sita, nesi anafungua kichupa bila moyo kumdunda. Wiki moja mbele kwa surua rubella sio tatizo, wiki nne mfululizo za "rudi kesho" ndo tatizo.

Na kwenye "mtoto mgonjwa", mkiona zahanati moja inabonyeza hicho sana, nendeni mkaongee nao. Mafua na homa ndogo hayazuii chanjo. Mara nyingine ni nesi hajui, mara nyingine kile kitufe kimekuwa pazia la kichupa kisichofunguliwa.

Mmoja kwenye hiyo karatasi amefariki.

Nimemuweka mmoja makusudi. Zamani, kwenye kituo kimoja sitakitaja, tulituma meseji za kukosa kwa orodha nzima bila kuisafisha, na mchana wake akaja baba mmoja mtu mzima tu, kasimama mlangoni na simu mkononi, hakugombana na mtu. Akasema naombeni mtoe namba yangu. Mtoto walimzika wiki tatu nyuma, na alifia wodi ya watoto ya hospitali ileile, jengo la pili kutoka letu. Wodini wanajua, kliniki hatujui, mfumo haujui, na simu ya baba ikawa inamuita aje na mtoto. Toka siku hiyo mimi nina sheria yangu, meseji ya miadi mashine itume yenyewe, lakini meseji ya kukosa hapana mpaka nesi wa pale kituoni apitishe macho kwenye majina. Vijana wananiambia hilo linachelewesha. Ndiyo, linachelewesha siku mbili. Sawa.

Jumlisheni sasa, 11, na 8, na 5, na 6, na 1, ni 31. Wamebaki 9. Tisa tu ndo ambao kweli hawajaja. Kwenye vituo vyenu uwiano utakuwa tofauti, mkajaribu wenyewe. Lakini angalia mhudumu wa jamii aliyepewa 40 atembee, ana baiskeli na hana posho ya kueleweka. Nyumba ya kwanza mtoto ameshachanjwa, ya pili amehama, ya tatu ameshachanjwa, ya nne analizwa. Akifika ya sita anarudi nyumbani na jioni anajaza fomu "hawakuwepo". Wale 9 wako nyumba ya thelathini na kitu huko. Mpe 9 uone kama hatawafikia wote kabla ya Ijumaa.

Kwahiyo mpangilio wa kusafisha, mnaweza kuuandika. Kwanza rejesta ya kabatini, haina gharama, nesi mmoja na nusu saa, wale 11 na wale 6 wote unawamaliza hapo kama mlikuwa mnaandika. Kisha marudio. Kisha mpigie mwenzako wa kituo cha jirani, sio mama, mwenzako, muulize hawa unao? Ndo unapiga simu kwa mzazi, na ukipiga usianze na "mbona hujaleta mtoto", anza na "mtoto anaendeleaje", maana swali hilo linakubali majibu yote hata lile la wodini. Mguu wa mhudumu ni wa mwisho kwasababu ndo wa bei ghali kuliko vyote.

Mabosi wataniuliza tutajuaje kama inafanya kazi. Mnayo tayari kwenye ripoti, chukua waliopata Penta ya kwanza, toa waliopata ya tatu, gawanya kwa waliopata ya kwanza. Walianza 200 wakamaliza 168, walioanguka njiani ni 32, asilimia 16. Ikizidi 10 kuna shida. Ila muangalie na ile inayotoka hasi, walioanza 40 waliomaliza 44. Zahanati hiyo hupewa hongera kikaoni wakati inaweza kuwa iko karibu na stendi au mashamba ya msimu na inapokea watoto wa wengine, au mtu ameandika dozi ya pili kwenye mstari wa tatu. Hasi sio ushindi, nendeni mkaifungue rejesta.

Nilikuwa nimemaliza hapo, mama mmoja nesi mkubwa kanyoosha mkono. Kasema mwanangu, huo mfumo wenu mpya wa kutafuta marudio kwa tarehe ya kuzaliwa na simu na kijiji, mimi juzi umenifutia mtoto. Nikamwambia umekufutiaje mama? Akasema nina Kulwa na Doto. Mama mmoja, tarehe moja, simu moja, kijiji kimoja, na mfumo ukasema hawa ni mtu mmoja ukawaunganisha, sasa Kulwa ana Penta mbili za siku moja na Doto hayupo duniani.

Ukumbi mzima ulicheka, mimi nikawageukia vijana, na wao walikuwa hawacheki, walikuwa wameshafungua laptopu. Tulikosa chakula cha mchana wote wanne. Tukaongeza sehemu ya kuandika mtoto ni wa ngapi kwa uzazi ule, tukatoa ile ya kuunganisha yenyewe, sasa inauliza tu "je hawa ni mmoja?" na nesi ndo anajibu. Doto alirudishwa kwa mkono kutoka kwenye rejesta ya karatasi, Penta yake ya tatu ilikuwa Jumatano iliyofuata na yule mama nesi kanitumia picha ya kadi mbili zimelazwa pamoja mezani.